Boriti ya paa: dhana potofu kuhusu kuvunjika na kunepa

Anayechagua boriti ya paa hujibu maswali mawili tofauti. La kwanza ni kama boriti itabeba mzigo bila mbao kupasuka au chuma kupinda moja kwa moja. La pili ni kama, ikiwa imebeba mzigo huo, itanepa kiasi kinachovumilika. Makosa mengi katika mapaa ya nyumba zetu hutokana na kujibu swali la kwanza na kudhani kwamba la pili limejijibu lenyewe.

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata. Sebule ina boriti zilizopangwa kila baada ya mita 2, na kila moja ina spani ya mita 4.5 kati ya mategemeo mawili. Juu yake kuna papi na bati, chini yake kuna dari. Uzito wa kudumu, yaani bati, papi, dari na boriti yenyewe, tuukadirie kuwa kilonewtoni 0.45 kwa mita ya mraba. Mzigo wa muda, kama vile wa fundi anayepanda kukarabati, ni kilonewtoni 0.6 kwa mita ya mraba, kama kiwango cha Uingereza BS 6399 kilivyoagiza kwa paa lenye mteremko mdogo lisilotumiwa na watu. Kiwango hicho, pamoja na BS 5268 ya mbao na BS 5950 ya chuma tutakazozitumia hapa, viliondolewa mwaka 2010 na nafasi yao ikachukuliwa na viwango vya Ulaya viitwavyo Eurocode. Jumla ni 1.05, na kwa kuwa kila boriti inahudumia upana wa mita 2, inabeba kilonewtoni 2.1 kwa kila mita ya urefu wake.

Dhana: Boriti isiyoweza kuvunjika imeshafaulu.

Ukweli: Kwa paa jepesi lenye spani ndefu, boriti hufaulu mtihani wa kuvunjika mapema, kisha hushindwa ule wa kunepa.

Momenti ya kupinda katikati ya boriti hupatikana kwa M = wL²/8, ambapo w ni mzigo kwa kila mita na L ni spani, nayo hapa ni kilonewtoni-mita 5.3. Tukitumia mbao ya daraja la C24, kiwango cha BS 5268 kiliruhusu mkazo wa kupinda wa N/mm² 7.5 kwa mzigo wa kudumu, na kiliruhusu kuuongeza kwa robo pale ambapo sehemu ya mzigo ni ya muda wa kati. Kikomo chetu basi ni takriban 9.4. Mbao ya 3 kwa 9, ambayo kwa milimita ni 75 kwa 225, ina Z = bh²/6 ya mm³ 633,000, ambapo b ni unene na h ni kimo, na mkazo wake, yaani M kugawanya kwa Z, unakuwa 8.4. Imefaulu, na mtu angeweza kuishia hapo akanunua mbao.

Sasa tupime kunepa. Katika kanuni hii, δ ni mnepo, E ni ukakamavu wa mbao yenyewe, na I ni ukakamavu unaotokana na umbo lake:

```
δ = 5wL⁴ / (384EI)
```

I ya mbao hiyo, yaani bh³/12, ni mm⁴ milioni 71.2. Kwa E lazima tutumie thamani ya chini ya C24, N/mm² 7,200, na si ile ya wastani ya 10,800, kwa sababu boriti iliyo peke yake kila baada ya mita 2 haina jirani wa karibu wa kuisaidia endapo yenyewe ni dhaifu kuliko zile nyingine. Jibu ni milimita 21.9. Kikomo cha BS 5268 ni 0.003 ya spani, yaani milimita 13.5. Boriti ambayo haikaribii kuvunjika imepita kikomo cha kunepa kwa zaidi ya nusu yake. Hapa kunepa ndiko kunakoamua ukubwa wa mbao, na hesabu ya kuvunjika inabaki kuwa uhakiki tu.

Dhana: Ikinepa, ongeza unene wa mbao.

Ukweli: Ongeza kimo chake. Unene huingia katika I mara moja tu, ilhali kimo huingia kikiwa kimezidishwa kwa chenyewe mara tatu.

Ili kufikia milimita 13.5 tunahitaji I ya karibu mm⁴ milioni 115. Tukibaki na kimo cha milimita 225, unene lazima ufike milimita 122. Tukibaki na unene wa 75 na kupandisha kimo hadi 275, I inakuwa milioni 130 na mnepo unashuka hadi milimita 12. Njia ya kwanza inahitaji karibu theluthi moja ya ziada ya mbao kuliko ya pili, na bado inafika tu kwenye kikomo. Ndiyo maana mbao mbili za kimo kidogo zilizopigwa misumari ubavu kwa ubavu ni suluhisho ghali kuliko linavyoonekana, na mbao iliyolazwa kwa ubapa haifai kabisa.

Kanuni hiyo hiyo ya kimo hufanya kazi kinyume pia. Randa ikiondoa milimita 10 tu katika kimo cha mbao ya 225, boriti hupoteza karibu asilimia 13 ya ukakamavu wake. Kwa hiyo hesabu ifanywe kwa kipimo cha futi kamba kilichochukuliwa kwenye mbao yenyewe, wala si kwa jina ambalo mbao inauzwa nalo.

Daraja nalo lina uzito wake. Mbao ya paina yenye mafundo mengi haistahili kuitwa C24 kwa sababu tu imenyooka. Ikiwa inafikia C16, E yake ya chini ni 5,800, na ile 75 kwa 275 iliyokuwa imefaulu sasa inanepa milimita 14.9. Hapo ni lazima kwenda 3 kwa 12, ambayo inanepa takriban 11.5. Mahali penye shaka kuhusu daraja, mimi hupendelea kuhesabu kwa C16 na kulipia inchi moja ya ziada ya kimo.

Dhana: Chuma cha daraja la juu hunepa kidogo kuliko chuma cha kawaida.

Ukweli: Daraja la chuma hubadilisha nguvu yake, halibadilishi ukakamavu wake. E ya chuma cha S275 na ya S355 ni ile ile, N/mm² 205,000 katika BS 5950.

Tuirudishe sebule yetu, safari hii kwa boriti ya chuma ya umbo la I. BS 5950 ilizidisha uzito wa kudumu kwa 1.4 na mzigo wa muda kwa 1.6, hivyo momenti ya kubuni inakuwa kilonewtoni-mita 8.05. Kwa S275 tunahitaji moduli ya plastiki, inayofanya kazi kama Z ya mbao, ya cm³ 29.3, na IPE 100, yaani boriti ya I yenye kimo cha milimita 100, ina 39.4, hivyo inatosha. Kunepa hupimwa kwa mzigo wa muda peke yake, bila kuuzidisha, na kwa IPE 100 ni milimita 18.3. Je, inafaa? Hilo linategemea kilicho chini yake. Kama hakuna dari inayoweza kupasuka, kikomo ni spani kugawanya kwa 200, yaani milimita 22.5, na IPE 100 imefaulu. Kama kuna dari ya jipsamu au plasta, kikomo ni spani kugawanya kwa 360, yaani milimita 12.5, na IPE 100 imeshindwa. Tunapanda hadi IPE 120, ambayo inanepa milimita 9.8. Paa ni lile lile na mzigo ni ule ule, lakini aina ya dari imebadilisha jibu.

Mtu akisema, "Basi ninunue S355, nitumie boriti ndogo zaidi," kwa upande wa nguvu ana haki: IPE 80 yenye cm³ 23.2 inapita kwa kubana, kwa kuwa sasa inahitajika 22.7. Lakini inanepa milimita 39 kwa mzigo wa muda tu. Kadiri chuma kinavyokuwa na nguvu, ndivyo boriti inavyoweza kuwa nyembamba, na ndivyo kunepa kunavyozidi kuwa mwamuzi.

Matokeo haya ya nguvu yanashikilia sharti moja ambalo mafundi wengi hulipuuza: ukingo wa juu wa boriti lazima uzuiwe kwenda pembeni na papi zilizofungwa kwa boliti. Upepo mkali ukiinua paa la bati, ukingo wa chini ndio unaobanwa, nao mara nyingi haujashikwa na kitu, kwa hiyo hali hiyo hukaguliwa peke yake.

Dhana: Basi kunepa ndiko huamua siku zote.

Ukweli: Hapana. Ufunguo ni uwiano wa spani kwa kimo. Kanuni mbili za hapo juu zikiunganishwa, mzigo wenyewe hutoweka, na kwa mbao ya C24 kwa vikomo tulivyotumia, mpaka unakuwa L/h ya takriban 11. Boriti ndefu kuliko hapo kwa kimo chake huamuliwa na kunepa. Iliyo fupi huamuliwa na mkazo. Boriti yetu ya kwanza ilikuwa na L/h ya 20, kwa hiyo jibu lingeweza kukisiwa kabla ya hesabu.

Tazama boriti ya mbao inayovuka uwazi wa mita 2.1 na kubeba kenchi za paa la vigae, kwa jumla ya kilonewtoni 7.2 kwa mita. Mbao ya 75 kwa 200 ina mkazo wa 7.9, ambao ni asilimia 85 ya unaoruhusiwa, na inanepa milimita 5.1 dhidi ya kikomo cha 6.3, ambayo ni asilimia 80. L/h ni 10.5, na mkazo umetangulia. Katika boriti fupi yenye mzigo mzito kama hii, mkazo wa kukata karibu na mategemeo nao ni mkubwa: hapa ni N/mm² 0.76 dhidi ya 0.89 unaoruhusiwa. Seremala akichonga mkato upande wa chini wa ncha ili boriti ikae vizuri ukutani, salio hilo dogo linakwisha.

Dhana: Mnepo unaoonekana siku ya kuezeka ndio wa mwisho.

Ukweli: Kwa chuma hilo karibu ni kweli, lakini mbao huendelea kunepa kwa miaka chini ya uzito wa kudumu. Eurocode 5 hutoa kigezo cha 0.8 kwa mbao iliyo chini ya paa mahali penye unyevu wa kiasi. Katika ile 75 kwa 275 ya C24, milimita 5.1 kati ya 12 zinatokana na uzito wa kudumu, kwa hiyo tutarajie nyongeza ya takriban milimita 4. Mbao ikipandishwa mbichi, nyongeza huwa kubwa zaidi.

Hali hii inaweza kufuatiliwa kwa uzi wa mwashi uliovutwa kutoka tegemeo hadi tegemeo ubavuni mwa boriti, usawa wa ukingo wake wa chini, kisha pengo la katikati likapimwa kwa rula na kuandikwa pamoja na tarehe, kabla dari haijafungwa. Pengo likipimwa tena baada ya misimu kadhaa likawa limeongezeka milimita tatu au nne, hilo ndilo lililotarajiwa. Nyongeza ikiwa maradufu ya hiyo, au viungo vya dari vikianza kufunguka katikati ya chumba ilhali karibu na kuta viko salama, boriti ina kimo pungufu au mbao yake haikuwa ya daraja lililoandikwa kwenye hesabu.