Shoti, bodaboda ya usiku na ratiba: kwa nini weita mzuri anakuacha

Wenye migahawa wengi wananiambia hivi: "Mimi namlipa 280,000, jirani kampa 230,000, na bado kaenda! Watu hawa hawana shukrani." Kazi yangu ni kusaidia migahawa ya Dar es Salaam kupanga jikoni na huduma, na malalamiko haya nayasikia karibu kila ninapoitwa. Huwa naomba kitu kimoja kabla ya kujibu: tukae na kalamu, tuhesabu anachofika nacho nyumbani huyo aliyeondoka.

Chukua mgahawa mmoja ulioko Mikocheni, unaofunga saa 5 usiku. Weita wao anakaa Gongo la Mboto. Kwa mwezi alikuwa akifunga zamu ya usiku mara 13, na kwa saa ile daladala ni za kubahatisha, kwa hiyo alikuwa akipanda bodaboda, wastani wa 5,000 kila mara. Hiyo ni 65,000. Mwezi uleule alikatwa shoti, yaani hela iliyopungua kwenye hesabu ya mauzo, 35,000. Kwenye 280,000 anabaki na 180,000, na hapo bado makato ya NSSF na nauli ya asubuhi. Jirani wa 230,000 yuko Tabata, anafunga mapema na hakati shoti. Dada wa watu kapiga hesabu vizuri kuliko bosi wake.

Nianze na shoti, kwa sababu ndiyo inayoumiza zaidi kuliko thamani yake. Mtu akikatwa 5,000 asiyoielewa, haondoki na hasira ya 5,000, anaondoka akijua kwamba mshahara wake haujulikani mpaka siku ya kulipwa. Pale Mikocheni tulichukua daftari la kaunta, tukaandika kila shoti ilitokea siku gani, saa ngapi, meza ipi na mteja alilipaje. Zilijikusanya kwenye Ijumaa na Jumamosi usiku, na nyingi ni za malipo ya simu. Lipa namba ilikuwa ya mgahawa, lakini ujumbe wa kuthibitisha malipo ulikuwa unaingia kwenye simu ya bosi, na bosi yuko nyumbani amelala. Mteja anamwonyesha weita ujumbe kwenye skrini yake, weita anaamini, meza inaondoka, asubuhi pesa haipo. Unamkataje mtu kwa kitu ambacho hakupewa njia ya kukihakiki?

Tiba yake ilikuwa kuhamisha laini hiyo kwenye simu ndogo inayokaa kaunta, mikononi mwa keshia. Weita hampi mteja risiti mpaka keshia aseme imeingia. La pili lilikuwa oda za mdomo. Weita anapitia dirishani anapaza sauti, "Chipsi kuku mbili, moja bila kachumbari!", jikoni wanasikia tatu, na sahani ya ziada inaandikwa jina lake. Tukanunua vitabu vya oda vyenye nakala ya kaboni, na mpishi akaambiwa asiwashe jiko bila karatasi. Wiki ya kwanza wapishi walinuna, ya pili wakawa wanazidai wao wenyewe, maana sasa wana ushahidi.

Kisheria pia mambo hayajaachwa wazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu kukata mshahara kwa hasara kiholela. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, umweleze kwa maandishi sababu, kiasi na ulivyokipata, umpe nafasi ya kupinga, akubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya malipo yake. Ule mtindo wa "glasi imevunjika, wote mnakatwa" hauna pa kusimama. Glasi zitavunjika. Ziweke kwenye gharama za mgahawa kama unavyoweka gesi.

Sasa usafiri. Watu wakisikia neno hili wanafikiri namwambia bosi anunue Noah. Hatua ya kwanza haina gharama yoyote: andika kila mtu anakaa wapi. Pale tulikuta wahudumu wawili wa Mwananyamala na mmoja wa Kawe wako zamu za asubuhi, na wa Mbagala na Gongo la Mboto ndio wanaofunga usiku. Hakuna aliyepanga hivyo kwa makusudi, ilijitokeza tu kadiri watu walivyoajiriwa. Tukageuza pale walipokubali wenyewe, kwa sababu wengine wana watoto wa kupeleka shule na asubuhi hawawezi.

Hatua ya pili ni jikoni. Kufunga kulikuwa kunachukua saa nzima na zaidi baada ya mteja wa mwisho, kwa sababu usafi wote ulisubiri mwisho. Kikaangio chenye mafuta ya moto huwezi kukigusa mpaka kipoe, basi watu wanakaa wanakitazama. Siku za katikati ya wiki tukaanza kuzima kimoja saa 3 usiku na kubaki na kingine, oda ya mwisho ya vyakula vya kukaanga ikawa saa 4, na wavu wa kuchomea nyama ukawa unasuguliwa zamu kwa zamu. Mpishi msaidizi wa Mbagala akaanza kuwahi daladala. Ijumaa na Jumamosi haiwezekani, mauzo ndiyo hapo, kwa hiyo usiku huo tulikubaliana na bajaji mmoja, 10,000 kwa safari, awabebe wawili wa njia moja. Ni kama 90,000 kwa mwezi. Na tofauti na hiyo, saa za kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi zina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa kila saa kwa mujibu wa sheria ileile, na wengi hawailipi kabisa.

Ratiba nitaisema kwa ufupi: ibandikwe Alhamisi kwa wiki inayoanza Jumatatu, ikiwa na ofu ya kila mtu, na isibadilishwe kwa simu ya saa 2 asubuhi. Kubadilishana zamu waachie wenyewe, mradi supavaiza asaini. Mwezi wa Ramadhani uliza mapema nani anafunga, usimweke kaunta peke yake saa ya kufuturu.

Usitegemee kuambiwa sababu siku mtu anapoaga. Utasikia "matatizo ya kifamilia", kwa sababu bado anadai siku zake. Ninayemuuliza mimi ni aliyeondoka mwezi uliopita, kwa simu, akishalipwa kila kitu chake. Kwa mpishi kuna dalili ya mapema zaidi: aliyekuwa akiacha visu vyake kabatini akianza kwenda navyo nyumbani kila siku, ongea naye wiki hiyohiyo.

Na wapishi wana hesabu nyingine. Ikifika Juni, hoteli za Zanzibar zinaingia msimu na zinatafuta watu; mgahawa wa kawaida hauwezi kushindana nazo kwa pesa. Mpishi anayekwenda huko usimwekee kinyongo wala kumcheleweshea malipo ya mwisho. Mwombe notisi ya siku 28 ambayo sheria inamtaka mlipwa kwa mwezi aitoe, na katika siku hizo amfundishe msaidizi wake pilau na mchuzi wa nazi mpaka vitoke vilevile. Masika inayofuata, Aprili na Mei, hoteli kadhaa za kule hufunga au kupunguza watu. Nimeona wapishi wazuri wakipiga simu kipindi hicho kuulizia nafasi, na wanaanza na bosi aliyewalipa kwa wakati walipoondoka.