Fremu tupu, kiti cha saluni na kusukwa nywele: dhana potofu kuhusu huduma za wingu

Mwenye duka la vitenge Kariakoo alinionyesha simu yake. Kadi yake ilikuwa inakatwa malipo matatu kila mwezi, na kijana wa dukani alishamweleza kwamba yote ni ya “wingu”, yaani kompyuta za watu wengine zinazotumiwa kwa njia ya mtandao. Akaniuliza: kwa nini nalipia kitu kimoja mara tatu?

Vilikuwa vitu vitatu tofauti. Malipo ya kwanza yalikuwa ya programu ya ankara na stoo, ambayo anaifungua kwenye kivinjari na kuitumia kama ilivyo. Ya pili yalikuwa ya jukwaa ambalo fundi aliyemtengenezea tovuti ya kupokea oda ameiweka tovuti hiyo. Ya tatu yalikuwa ya seva ya kukodi, ambamo ulibaki mfumo wake wa zamani wa mauzo. Kwenye kurasa za watoa huduma utakuta zimeandikwa SaaS, PaaS na IaaS, kwa mpangilio huohuo: programu kama huduma, jukwaa kama huduma, miundombinu kama huduma.

Dhana: Vyote ni wingu, tofauti ni bei tu.

Tofauti ni nani anafanya kazi gani. Ukikodi fremu tupu, unapewa kuta, mlango na mita ya luku. Rafu, taa, kufuli na mlinzi ni juu yako. Hiyo ndiyo seva ya kukodi. Msusi anayekodi kiti kwenye saluni ya mtu anakuta kioo, maji, draya na umeme, yeye analeta mikono yake na wateja wake. Hilo ndilo jukwaa. Na mteja anayekaa kusukwa hajali draya ni ya nani, anachagua mtindo, analipa, anaondoka. Hiyo ni programu kama huduma.

Mfano huu una mwisho wake, nao ni data. Akishasukwa, mteja huondoka na nywele zake kichwani. Ankara zako hubaki kwa mwenye saluni, na hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia, kama nitakavyoeleza mbele.

Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliandika mgawanyo huu wa aina tatu mwaka 2011, na hadi leo ndio unaotumika. Kinachotofautisha aina hizo ni mambo ambayo mteja anayadhibiti mwenyewe. Kwenye seva ya kukodi unadhibiti mfumo endeshi, ile programu kuu inayoiendesha mashine, na kila kilicho juu yake. Kwenye jukwaa unadhibiti programu uliyoiandika na mipangilio yake. Kwenye programu ya kulipia unadhibiti watumiaji wako, mipangilio michache, na unachokiingiza. Pale unapodhibiti ndipo pia unapowajibika.

Dhana: Nikikodi seva, mwenye seva ataitunza.

Anatunza jengo, umeme, mtandao na mashine yenyewe. Mfumo endeshi ulio ndani ya seva yako ni wako. Seva ya duka hili ilikuwa inaendesha mfumo endeshi wa Ubuntu 20.04, ambao masasisho yake ya kawaida ya usalama yalikoma Mei 2025. Hakuna mtu aliyempigia simu kumwambia, kwa sababu hakuna aliyekuwa na wajibu huo isipokuwa yeye mwenyewe au fundi anayemlipa. Fundi aliyeifunga alishapata kazi mkoa mwingine.

Niliingia ndani na kuandika mistari miwili:

```
sudo grep -c "Failed password" /var/log/auth.log
df -h
```

Mstari wa kwanza unahesabu mara ambazo mtu amejaribu kuingia akakosea neno la siri. Idadi ilikuwa maelfu. Haina maana kwamba kuna adui wa duka la vitenge. Seva yoyote yenye anwani ya wazi mtandaoni hubishiwa hodi usiku na mchana na programu zinazozunguka zikitafuta mlango uliorudishiwa tu. Dawa yake inajulikana: zima kuingia kwa neno la siri, tumia funguo za SSH, ambazo ni faili za siri zinazokaa kwenye kompyuta ya anayeruhusiwa kuingia, na ufunge milango yote usiyoitumia. Ila lazima awepo mtu wa kuifanya.

Mstari wa pili ulionyesha diski imejaa asilimia 100. Hapo nikaelewa lalamiko lake la wiki nzima, kwamba orodha ya bidhaa inafunguka vizuri lakini mauzo mapya “yanazunguka tu”. Hifadhidata ya MySQL ikikosa nafasi bado inaweza kusoma, ila kuandika inasubiri. Kumbukumbu za matukio zilikuwa zimeachwa zikue kwa miaka bila kufutwa. Nilitoa zile za zamani, mauzo yakaendelea palepale. Tatizo kama hilo kwenye programu ya ankara lingekuwa la mtoa huduma, na mwenye duka asingelijua kabisa.

Nakala ya akiba ilikuwepo, lakini ndani ya seva hiyohiyo. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliungua moto, na wapo wateja walioweka data na nakala zake kwenye eneo hilo moja wakapoteza vyote. Nakala inayolala chumba kimoja na kitu halisi huungua nacho.

Dhana: Nikiizima seva, silipi.

Inategemea, na kwa watoa huduma wengi jibu ni hapana. Kwenye Amazon, kwa mfano, kuzima mashine kunasimamisha malipo ya kichakataji na kumbukumbu, lakini diski bado inashika data zako na inalipiwa. Katika eneo lao la `us-east-1`, diski ya kawaida ya gigabaiti 50 kwa senti 8 za dola kila gigabaiti ni dola 4 kwa mwezi. Kama uliishikilia pia anwani ya kudumu ya mtandao, ni nusu senti kwa saa, takriban dola 3.65 kwa mwezi. Kwa hiyo seva iliyolala inakula zaidi ya dola 7 kila mwezi. Anayetaka kuacha kulipa hana budi kuhamisha data, kufuta diski na kuiachia anwani.

Dhana: Kwenye jukwaa sina cha kuwaza, naweka tu tovuti.

Hii ndiyo iliyomuumiza zaidi. Tovuti ya oda ilikuwa kwenye jukwaa, na kweli jukwaa lilimwondolea mzigo wa mfumo endeshi na masasisho yake. Tatizo lilikuwa picha. Jioni binti yake alipiga picha za doti kumi za mzigo mpya, akazipakia, zikaonekana vizuri kabisa kwenye simu za wateja. Asubuhi majina ya vitenge yapo, bei zipo, idadi zipo, ila kila mahali pa picha pana kisanduku kitupu. Akapakia upya. Kesho yake zimepotea tena. Walidhani wamedukuliwa, wakabadilisha maneno ya siri mara tatu.

Hakuna aliyewadukua. Kwenye majukwaa mengi ya aina hii, programu yako inaendeshwa ndani ya chombo cha muda. Kila chombo kinapoanza upya, kinaanzia kwenye msimbo ule uliowekwa na fundi, na faili zozote zilizoandikwa ndani baada ya hapo zinatoweka. Heroku, ambalo ni moja ya majukwaa ya mwanzo yaliyozoeleka, huanzisha upya vyombo vyake angalau mara moja kwa siku, na ndivyo lilivyokusudiwa kufanya kazi. Majina na bei vilibaki kwa sababu vilikuwa kwenye hifadhidata, ambayo hukaa nje ya chombo. Picha fundi alizihifadhi kwenye folda ya `uploads/` ndani ya programu, kama alivyozoea kwenye seva. Kwenye seva yake ya kukodi msimbo uleule ungefanya kazi miaka kumi bila shida.

Hapa ndipo watu wanapokosea kuhusu jukwaa. Linakupunguzia kazi kwa sharti kwamba programu yako ifuate taratibu zake. Msusi wa kiti cha kukodi akiacha mafuta yake juu ya meza usiku, asubuhi atakuta meza imefagiliwa. Suluhisho lilikuwa kupeleka picha kwenye hifadhi ya faili iliyo nje, aina ya S3 ya Amazon, na kuacha kwenye hifadhidata kiungo tu cha kila picha. Ilikuwa kazi ya siku moja.

Kupima kama tovuti yako ina ugonjwa huu ni rahisi, na inafaa kupima kabla ya kumlipa fundi awamu ya mwisho. Pakia picha moja ya majaribio, kisha mwambie aanzishe upya programu mbele yako:

```
heroku restart
```

Majukwaa mengine yana kitufe cha kazi hiyo. Fungua ukurasa tena. Picha ikiwa imepotea, hata risiti na vitambulisho ambavyo wateja wako wangepakia vingepotea vivyo hivyo.

Dhana: Programu ya kulipia kwa mwezi inalinda data zangu dhidi ya kila kitu.

Inazilinda dhidi ya diski iliyokufa na seva iliyozimika. Haizilindi dhidi ya mtu mwenye ruhusa anayebonyeza futa. Kwenye Gmail, barua iliyotupwa hukaa kwenye pipa siku 30. Kwa biashara inayotumia Google Workspace, msimamizi ana siku 25 zaidi za kuirudisha, na baada ya hapo imekwenda. Mfanyakazi aliyeondoka kwa ugomvi akafuta barua za wateja, nawe ukagundua baada ya miezi mitatu, hakuna wa kumlaumu upande wa pili.

Kwa duka hili nilikuta jambo jingine, dogo kwa macho: akaunti kuu ya programu ya ankara ilikuwa imesajiliwa kwa barua pepe binafsi ya yule kijana wa dukani. Kwa mtoa huduma, mwenye akaunti ndiye mwenye biashara. Tuliibadilisha siku ileile, kijana akiwa amekaa nasi na kuridhia, iwe kwa anwani ya mama mwenye duka, na tukaweka uthibitisho wa hatua mbili kwenye simu yake.

Seva aliiachia kabisa, baada ya mauzo ya zamani kuhamishiwa kwenye programu ya ankara. Asingeweza kumlipa fundi wa kuitazama kila wiki, na hakuna alichohitaji ambacho programu ile haikifanyi. Angekuwa na mfumo maalumu usiokubalika kwingine, ningemwambia aibakize na atenge hela ya fundi.

Kilichobaki kilikuwa kutoa data. Tulibonyeza kitufe cha kuhamisha nje, likashuka faili la CSV, jedwali linalofunguka kwenye Excel, na nikamwomba alifungue mwenyewe kwenye kompyuta yake. Ankara zote zilikuwemo, majina ya wateja, tarehe na kiasi. Picha za risiti za malipo, ambazo binti yake alizibandika kwenye kila ankara kwa mwaka mzima, hazikuwemo hata moja. Zinashushwa kwa njia nyingine, mwezi mmoja mmoja. Mama aliketi akaanza na Januari.