Homa inayoondoka na kurudi: muulize mgonjwa alilala wapi

Ukifika kituo cha afya na homa hapa kwetu Isingiro, utachomwa kidole kabla ya maneno mengi. Tone la damu linawekwa kwenye kipimo cha mistari, unasubiri kama robo saa, jibu linatoka. Mistari miwili, unapewa dawa mseto ya malaria. Mstari mmoja, basi kuna uwezekano mkubwa utaambiwa una taifodi, hasa ukiwa umeanzia kliniki ya mtaani inayopima Widali kila anayeingia mlangoni. Watu wengi huishi na majibu hayo mawili tu, malaria au taifodi, wakayabadilishana mwaka mzima.

Mimi ni mtu wa maabara. Nataka kueleza ugonjwa mmoja ambao kipimo cha mistari hakiuoni kabisa, wala Widali haiuoni, ila hadubini ya kawaida inauona vizuri ikitumiwa kwa wakati wake. Ni homa ya papasi.

Papasi si yule kupe mnayemjua kwa ng'ombe. Kupe wa ng'ombe ana ngao ngumu mgongoni, hukaa majanini, akimkamata mtu hung'ang'ania ngozi kwa siku kadhaa, kwa hiyo unamwona. Papasi ana ngozi laini yenye mikunjo, rangi ya kahawia iliyochanganyika na vumbi, na ukimtazama kutoka juu huoni mdomo wake kwa sababu umefichwa chini ya mwili. Anaishi ndani ya nyumba: kwenye nyufa za ukuta wa udongo, kwenye vumbi la sakafu isiyo na saruji, chini ya mkeka. Usiku hutoka, hunyonya kwa muda usiozidi nusu saa hivi, kisha hurudi ufani. Hakuna maumivu ya maana. Asubuhi unaona kipele chekundu, unalaumu kunguni. Ndiyo maana ukimuuliza mgonjwa wa homa hii kama aliumwa na kupe, atakuapia kwamba hakuumwa.

Tena ana subira ya ajabu. Anaweza kukaa miaka bila chakula, na jike aliye na borelia, vidudu vinavyoleta homa hii, huvipitisha kwenye mayai, kizazi kinachofuata kikazaliwa navyo. Kwa hiyo nyumba iliyohamwa zamani si salama kwa sababu tu haikaliwi.

Ugonjwa wenyewe una historia hapa Uganda. Mwaka 1904 madaktari Ross na Milne waliandika kuhusu wagonjwa wa Uganda waliokutwa na vidudu hivi vya kujipinda katika damu, wakaunganisha homa hiyo na kuumwa na papasi. Mwaka uliofuata Dutton, aliyekuwa akiuchunguza upande wa Kongo, alifariki Kasongo akiwa na ugonjwa huohuo. Siku hizi nyumba za matofali na mabati zimeongezeka na papasi wamepungua sehemu nyingi, lakini kwenye nyumba kuukuu za udongo bado ni jambo la kuulizia, na zaidi kwa wanaosafiri kwenda na kurudi Tanzania na mashariki ya Kongo.

Nichukue mgonjwa mmoja, nimebadilisha yale yanayoweza kumtambulisha. Kijana wa bodaboda, Mkongo wa Nakivale. Alikwenda kwenye matanga ya babu yake, na kwa kuwa wageni walikuwa wengi, vijana walipewa nyumba ya zamani ya marehemu walale humo, mikeka chini, kichwa karibu na ukuta. Walilala siku tatu. Karibu wiki moja baada ya kurudi akaanza kutetemeka ghafla, kichwa kikamuuma vibaya, viungo na mgongo vikakaza, akatapika. Kipimo cha malaria kilikataa. Duka la dawa likamuuzia dawa ya malaria hata hivyo.

Siku ya nne akatoka jasho jingi mpaka shuka ikalowa, homa ikashuka, akaamka mzima, akarudi kwenye pikipiki. Bila shaka dawa ilisifiwa. Baada ya wiki hivi, homa ileile ikarudi kwa kishindo kilekile. Safari hii akapimwa Widali, akachomwa sindano za taifodi, siku ya tatu jasho, homa ikashuka, dawa ya pili nayo ikasifiwa.

Hapo ndipo penye mtego. Homa hii hushuka yenyewe. Mwili hutengeneza kinga dhidi ya borelia waliopo na kuwafagia karibu wote katika damu, ndiyo jasho lile. Lakini wachache hubadilisha protini iliyo juu ya ngozi yao, kinga haiwatambui tena, wanazaana kimyakimya kwa siku kadhaa hadi wanapokuwa wengi, na homa inarudi. Basi dawa yoyote utakayompa mgonjwa siku ya tatu au ya nne itaonekana imefanya kazi, hata ukimpa maji.

Mama yake ndiye aliyemleta kwetu mara ya tatu. Alisema, "Daktari, huyu mtoto anapona kila wiki, na kila wiki anaugua." (Sisi wa maabara tunaitwa daktari, tumeshazoea.) Nilimwuliza kijana, "Mwezi huu uliopita umelala wapi usiku ambapo si kwako?" Habari ya matanga ikatoka.

Alikuwa na homa ya 39.6 wakati ule, na hilo ni nusu ya kazi. Damu ichukuliwe homa ikiwa juu. Katika zile siku za nafuu borelia huwa wachache mno, na ukimpima mgonjwa anapojisikia vizuri utaandika "hakuna" kwa haki kabisa huku ugonjwa upo.

Nilianza na tone bichi: damu kidogo kwenye slaidi, kioo chembamba juu yake, lenzi ya 40. Borelia mwenyewe ni mwembamba, huenda usimwone mara moja. Unachokiona kwanza ni chembe nyekundu zinazoshtuka mahali ambapo kila kitu kimetulia. Chembe moja inasukumwa, inayofuata inayumba, kama kuna mtu anapita katikati ya umati. Ukikaza macho hapo, unamwona akijipinda.

Kisha nikatengeneza slaidi nene na nyembamba, nikazipaka rangi ya Giemsa kama tunavyofanya kwa malaria, nikaangalia kwa lenzi ya mafuta. Borelia hukaa kati ya chembe nyekundu, hawaingii ndani. Hii ni sababu mojawapo ya kuwakosa: jicho la mpimaji wa malaria limefundishwa kutafuta vipete ndani ya chembe, na akishaona hakuna, anaandika "vimelea vya malaria havikuonekana" na kuvuta slaidi inayofuata. Daktari akiandika kwenye ombi "tafuta borelia", slaidi ileile husomwa kwa jicho jingine. Kuna uwongo wa upande wa pili pia: nyuzi za rangi iliyoganda na za protini ya damu hufanana nao. Borelia wa kweli ana mipindo inayolingana na unene wake ni mmoja. Uzi wa rangi huwa mnene hapa, mwembamba pale. Usipoona kitu na mgonjwa bado ana homa, chukua damu nyingine baadaye.

Neno moja kuhusu kipimo cha malaria kinachokubali. Vipimo vingi tunavyotumia hutafuta protini ya kimelea ambayo hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya malaria kutibiwa. Mtu aliyeugua malaria mwezi jana anaweza kuonyesha mistari miwili huku homa ya leo ikitoka kwingine. Homa ikiendelea au ikirudi baada ya kumaliza dawa mseto, omba slaidi.

Matibabu ni rahisi kwa dawa, magumu kwa saa chache za mwanzo. Mtu mzima kwa kawaida hupewa doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Lakini saa chache baada ya dozi ya kwanza borelia hufa kwa wingi na kumwaga yaliyomo katika damu, na mgonjwa anaweza kutetemeka kuliko alivyotetemeka nyumbani, homa ikapanda, kisha presha ikashuka. Ndugu wakiona hivyo husema dawa imemdhuru na kumwondoa. Kijana wetu alianza kutetemeka saa ya pili. Alikuwa kitandani kwetu, anapimwa presha, dripu iko tayari, jioni akatulia. Ndiyo sababu sishauri mtu anunue kidonge dukani akanywe peke yake usiku.

Kwa mwanamke mjamzito dawa ni nyingine, mara nyingi erithromaisini, na asisubiri homa ya pili. Ugonjwa huu hutoa mimba, huleta uchungu kabla ya wakati, na mtoto anaweza kuzaliwa nao akafa. Mjamzito mwenye homa aliyelala nyumba ya namna hiyo aje siku hiyohiyo.

Kwa wachungaji wanaopata homa baada ya kupe wa majanini, njia ni tofauti. Tafuta kidonda chenye kigaga cheusi mahali alipoumwa, kwenye mguu, kinena au nyuma ya goti, na tezi zilizovimba karibu yake. Hiyo ni homa ya kupe ya riketsia, nayo hutibiwa kwa doksisaiklini. Ila akianza kutoka damu fizini, puani au chini ya ngozi, na ametoka kuchinja au kuvua kupe kwa mikono katika ukanda wa ng'ombe, usimguse bila glavu wala usimbebe kwenye bodaboda. Piga simu kituo kwanza. Inaweza kuwa homa ya Krimea na Kongo, ambayo sampuli yake hupelekwa Entebbe, kwenye taasisi ya utafiti wa virusi.

Na ile nyumba ya babu? Tuliwaomba wenyewe wachimbue vumbi chini ya ukuta upande walikolala vijana, walichekeche, walimwage juu ya shuka nyeupe juani. Papasi akiwa baridini hujifanya punje ya udongo. Jua likimpata, anaanza kutembea. Walipatikana. Ukiwaona usiwaminye kwa vidole, maana majimaji yao yana borelia. Watie kwenye maji ya moto. Kufagia peke yake hakuwamalizi, wako ndani ya ufa. Nyufa zizibwe, sakafu ipigwe saruji kama fedha ipo, au isiribwe upya mara kwa mara kama haipo, na anayenyunyiza dawa aifikishe chini kabisa pale ukuta unapokutana na sakafu. Anayelazimika kulala humo kabla ya hapo apate kitanda cha miguu, akivute mbali na ukuta, na chandarua akichomeke chini ya godoro kisiguse sakafu. Vijana wengine waliolala kwenye matanga yale tulituma habari wapimwe mara tu wakiona homa. Wawili walikuja.