Ringgit kwenye simu, baht dukani: malipo ya QR yanavyovuka mpaka

Hat Yai ni mji wa kusini mwa Thailand, si mbali na mpaka wa Malaysia, na wikiendi hujaa Wamalaysia waliokuja kula na kununua vitu. Tuseme mmoja wao, mama kutoka Penang, amemaliza kula na bili yake ni baht 240. Kwenye pochi yake ya mkononi hana baht hata moja. Ana pochi ya simu ya kwao Malaysia yenye ringgit. Anaskani QR iliyo mezani, anaona kiasi kwa ringgit, anaweka namba ya siri, na papo hapo simu ya mwenye mgahawa inalia: baht 240 zimeingia.

Nchi hizo mbili zilizindua muunganisho wa QR Juni 2021, zikiunganisha mifumo yao ya malipo, PromptPay ya Thailand na DuitNow ya Malaysia. Ninapoeleza mambo haya kwenye semina, karibu kila mtu husema pesa ya yule mama "imetumwa" Thailand. Haikutumwa. Kilichovuka mpaka ni ujumbe tu. Ringgit zimebaki Malaysia, na baht alizopokea mwenye mgahawa zilikuwa Thailand tayari kabla mama hajaagiza chakula. Ukilishika hilo, mengine yote yanaeleweka.

Tuanze na ile QR. Ni maandishi marefu yaliyogeuzwa picha, na yamegawanywa vipande: kila kipande kina namba yake, urefu wake, kisha taarifa yenyewe. Vipande vitatu vya bili yetu vinasomeka hivi:

```
5303764
5406240.00
5802TH
```

Kipande cha 53 kina herufi 3, na 764 ndiyo namba ya kimataifa ya baht. Cha 54 kina herufi 6, ambazo ni kiasi. Cha 58 ndiyo nchi. Pochi ya Malaysia ikikuta 764 badala ya 458, ambayo ni namba ya ringgit, inajua malipo haya ni ya duka la nje ya nchi. Ikiwa ni QR ya kubandikwa ukutani, kipande cha kiasi huwa hakipo na mteja anaandika mwenyewe, kama tunavyofanya kwenye Lipa Namba.

Hapa ndipo wageni wengi hukwama. Muuza matunda wa barabarani anaweza kuwa na QR ya PromptPay iliyofungwa kwenye namba yake binafsi ya simu. Kwa Mthailand inafanya kazi vizuri kabisa, ila pochi ya kigeni huikataa, kwa sababu muunganisho huu ni wa QR za biashara. Simu si mbovu wala mtandao haujakata. Aina ya QR ndiyo tofauti.

Mama akishaskani, pochi yake inapeleka swali kwa PayNet, wanaoendesha mtandao wa taifa wa malipo Malaysia. PayNet inalipitisha kwa wenzao wa Thailand, National ITMX, hadi benki ya mwenye mgahawa: akaunti hii ipo? Jina la biashara ni lipi? Jibu linarudi njia ileile. Jina linalotokea kwenye kioo lisomwe, tafadhali. Tapeli akibandika QR yake juu ya ile ya mgahawa, mfumo hautaona kosa lolote, maana ni QR halali ya mtu mwingine. Macho ya mteja ndiyo kinga iliyobaki.

Kisha kiwango cha kubadilishia fedha. Tuchukue mfano kwamba siku hiyo sokoni ringgit 1 ni baht 7.6, lakini pochi inampa mama baht 7.5. Baht 240 gawanya kwa 7.5 ni ringgit 32.00. Kwa kiwango cha soko angelipa 31.58. Hizo senti 42 ndizo gharama yake halisi, hata kama kioo kimeandika "ada: 0.00". Uzuri wa mpango huu ni kwamba anaziona ringgit 32.00 kabla ya kuweka namba ya siri, na akithibitisha hazibadiliki. Kiwango kikiwa kibaya anaghairi na kwenda kwa mbadilisha fedha aliye ng'ambo ya barabara.

Sasa, zile baht 240 zimetoka wapi? Benki zinazohudumia muunganisho huwa na akiba ya baht ndani ya Thailand. Mwenye mgahawa analipwa kutoka kwenye mzunguko huo wa ndani, na upande wa Malaysia unabaki na deni. Madeni ya maelfu ya wateja hujumlishwa na kulipwa kwa mkupuo kwa nyakati zilizopangwa. Ndiyo maana malipo ni ya papo hapo kwa mteja na mwenye duka, lakini si kwa mabenki. Wikiendi ndefu huwa mtihani: soko la fedha za kigeni limefunga, Hat Yai imefurika watu, na akiba iliyowekwa Ijumaa lazima itoshe hadi soko lifunguliwe.

Kinachosumbua zaidi ni ujumbe kupotea njiani. Mama amethibitisha, ringgit 32 zimekatwa, halafu kioo kinaandika "inashughulikiwa" na kugoma hapo. Huenda malipo yamefika Thailand na ni jibu tu lililokwama wakati wa kurudi, au hayakufika kabisa. Kwa wakati huo pochi yenyewe haijui. Kosa la kawaida ni kuskani tena kwa sababu foleni nyuma inanung'unika. Mwombe kwanza mwenye mgahawa afungue programu ya benki yake. Ikionyesha 240, umelipa, hata kama simu yako bado inasitasita. Isipoonyesha, piga picha ya kioo yenye namba ya kumbukumbu ya muamala, lipa kwa njia nyingine, na usubiri: malipo yasipofika, pesa hurudishwa wakati pande mbili zinapolinganisha mahesabu.

Katika ulinganishaji huo kuna mtego ambao ukinitajia nitacheka kwanza kabla ya kukusaidia. Thailand iko nyuma ya Malaysia kwa saa moja. Mama ataripoti kwamba alilipa saa saba na dakika kumi mchana, na mwenye mgahawa ataapa kwamba saa hiyo hakupokea kitu, kwa sababu kwake ilikuwa saa sita na dakika kumi. Usiku ni vibaya zaidi: malipo ya saa sita na dakika ishirini kwa saa za Malaysia ni saa tano na dakika ishirini Thailand, yaani bado ni tarehe ya jana. Muamala mmoja unaingia kwenye faili mbili za siku tofauti, na mhasibu anayelinganisha siku moja moja ataona malipo yamepotea. Kwa hiyo ukilalamika, taja namba ya kumbukumbu na kiasi kwa fedha ya duka. Saa iwe ya mwisho, na useme ni saa ya wapi.

Nasi tuna mpaka wa namna hiyo. Pale Rusumo, upande wa Tanzania ikiwa saa saba mchana, ukivuka daraja kuingia Rwanda ni saa sita. Siku TANQR, QR ya malipo ya Tanzania, itakaposomwa na pochi ya Kigali, hiyo saa moja itakuwa inawasubiri wahasibu.