Kabla ya kugawana hisa: dhana potofu kuhusu kumpata mbia

Dhana: Rafiki wa karibu ndiye mbia salama.

Urafiki haukuonyeshi mtu anavyokuwa pale mteja anapochelewesha malipo au kazi inapomwelemea. Unaowajua watakufaa zaidi wakikuunganisha na watu waliofanya nao kazi. Ukiuliza tu, “Unamjua anayetafuta mbia?” utaletewa yeyote aliye na nafasi. Uliza hivi: “Katika watu uliofanya nao kazi ya mauzo, nani ungemchukua tena kesho?” Ukishapewa jina na mwenyewe akaridhia, zungumza na aliyekuwa bosi wake, kisha na aliyekuwa chini yake. Mimi humwamini zaidi huyo wa chini, maana ndiye aliyeziona hasira zake.

Dhana: Mkizungumza mara kadhaa mtajua kama mnaivana.

Katika mazungumzo kila mtu ni mwema. Fanyeni kazi ndogo ya kweli kwa wiki 6, yenye mteja na tarehe ya mwisho. Tuseme mmoja anatengeneza programu ya hesabu za maduka, mwingine anatafuta wateja. Wanakubaliana kila mmoja atatoa saa 10 kwa wiki, na kufikia mwisho maduka 2 yawe yanalipa. Wiki ya tatu, wa mauzo anamwahidi mwenye duka ripoti ambayo programu haina.

Hapo ndipo pa kutazama. Alimwambia mwenzake siku ileile, au mwenzake alikuja kuisikia kwa mteja? Na fundi je, alisema wazi kwamba muda hautoshi, au alinyamaza, akakesha, akaanza kununa? Ahadi ya haraka husahihishika. Lakini anayeficha habari mbaya kwenye jambo dogo kama hili ataficha pia akaunti ikikauka. Angalieni na saa: anayetoa 4 badala ya 10 bila kusema lolote ameshakujibu.

Dhana: Majaribio hayahitaji maandishi.

Yanahitaji ukurasa mmoja: mkiachana nani atamiliki kilichotengenezwa, nani analipia gharama, majaribio yanaisha lini, na kwamba bado hamjawa wabia. Katika nchi nyingi, watu wanaofanya biashara pamoja na kugawana faida wanaweza kuhesabiwa wabia hata bila mkataba, na deni la biashara aliloingia mmoja likamfikia mwingine.

Dhana: Mkikubaliana, kila mtu achukue nusu yake papo hapo.

Nusu kwa nusu inaweza kuwa sawa kabisa. Hatari ni kuzikabidhi hisa zote siku ya kwanza. Utaratibu uliozoeleka ni kuzipata kidogo kidogo kwa miaka 4, na kabla ya mwaka 1 kutimia hakuna anayepata kitu. Mwenye fungu la nusu akiondoka mwezi wa 8, anaondoka mikono mitupu. Akiondoka baada ya miaka 2, anabaki na robo ya kampuni. Sharti hili liwabane wote wawili. Mwenzako akilikataa ilhali nawe linakubana, mwulize sababu kabla hujatia saini.