Stop-moshen ni nini, na kwa nini video yako inapepesa

Stop-moshen ni animesheni ya picha moja moja. Unamsogeza mdoli kidogo, unatoa mkono, unapiga picha, unamsogeza tena, af picha zikichezwa mfululizo jicho linaona anatembea mwenyewe.

Tuseme unataka atembee sekunde 4. Sinema inaenda fremu 24 kwa sekunde ila wengi wanapiga picha 12 tu, kila moja inakaa fremu mbili, na inatosha kabisa. 12 mara 4 ni picha 48. Hatua moja ya mwendo wa kawaida inachukua kama nusu sekunde, yaani picha 6, kwa hiyo hapo una hatua 8, na safari nzima unaigawa kabla hujamgusa mdoli.

Sasa huyo mdoli lazima awe na kiunzi ndani, maana udongo mtupu unalegea magoti kabla hujafika mbali. Chukua waya wa alumini, sokota nyuzi mbili pamoja. Waya wa chuma achana nao, ukiukunja unarudi kidogo ukishauachia na pozi lako limeharibika. Kwenye nyayo zika nati, af toboa ubao uwe unamfunga kwa skrubu kutokea chini, kwa sababu akitembea kuna picha anasimama mguu mmoja na bila skrubu anaanguka tu. Alumini nayo inachoka, ukiona mkono haukai pale ulipouweka jua waya unakatika ndani.

Kinachosumbua watu zaidi ni mwanga. Unacheza video unakuta inapepesa, picha moja nyeupe, inayofuata imefifia, na hapo wengi wanalaumu kamera wakati chanzo mara nyingi ni dirisha: wingu likipita hulioni wewe ila picha inaliona. Funga pazia nzito, tumia taa tu. Halafu zima kila kitu cha oto, yaani ISO inayopanga kamera inavyohisi mwanga, shata inayopanga picha inapokea mwanga kwa muda gani, fokasi, na WB inayopanga rangi, la sivyo kamera inajirekebisha kila mkono wako unapopita. Umeme wetu ni 50 Hz, taa nyingi zinapwita mara 100 kwa sekunde, so shata ya 1/50 ya sekunde au ya polepole zaidi ni salama kuliko 1/500. Na vaa nguo nyeusi usimame palepale kila picha, shati jeupe linarudisha mwanga kwa mdoli, watu hawaamini mpaka waone.

Programu ya kunasia, kwenye simu ni Stop Motion Studio, kwenye kompyuta kuna Dragonframe ya kulipia. Faida yake kubwa ni kwamba inakuonyesha picha iliyopita kama kivuli juu ya hii ya sasa, unaona mguu umesogea kiasi gani, na ukigonga mdoli kwa bahati mbaya unamrudisha palepale. Piga kwa rimoti au kitufe cha hedifoni ili usitikise simu. Kasi iweke 12 mapema, maana ikiwa kwenye 24 zile picha 48 zinaisha kwa sekunde 2 na mtembeaji wako anakimbia.