Disleksia kwa mtoto anayesoma kwa lugha mbili

Disleksia ya ukuaji ni ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika maneno, unaojitokeza mtoto anapoanza kujifunza herufi. Hautokani na uziwi, macho mabovu, akili ndogo wala kukosa kufundishwa. Huonekana sana katika familia, kwa hiyo si ajabu kusikia kwamba baba au shangazi naye alihangaika na vitabu.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni ya upungufu wa kifonolojia, yaani udhaifu katika namna ubongo unavyozihifadhi na kuzichambua sauti za lugha. Mtoto anasikia vizuri kabisa. Shida inakuja anapotakiwa kuligawa neno katika sauti zake, kwa sababu kusoma ni kuunganisha herufi na sauti hizo. Udhaifu huo huonekana hata pasipo kitabu: anashindwa kurudia neno refu asilolijua, au anachelewa kutaja majina ya picha anazozifahamu.

Kama chanzo kiko kwenye sauti, basi disleksia ni ya mtoto mwenyewe, si ya lugha moja. Kinachobadilika ni sura yake. Mwaka 2001 mtafiti wa ubongo Eraldo Paulesu na wenzake walilinganisha watu wazima wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano, ambao tahajia yao inafuata matamshi, walisoma kwa usahihi zaidi kuliko wengine. Lakini kwenye majaribio ya sauti wote walikuwa dhaifu, na sehemu ileile ya upande wa kushoto wa ubongo ilifanya kazi kidogo kuliko kwa wasomaji wa kawaida.

Kiswahili kiko upande wa Kiitaliano. Akishajua ba, be, bi, bo, bu, mtoto mwenye disleksia anaweza kulifikia karibu kila neno, ila polepole mno. Kwenye Kiingereza, ambako hata neno lenye maana ya kisu linaanza na herufi k isiyotamkwa, makosa yanafurika. Hapo ndipo watu wazima wanapokosea. Mwalimu anaona makosa ya Kiingereza na kusema mtoto hajaijua lugha. Mzazi anamsikia akimaliza sentensi ya Kiswahili na kusema anajua kusoma. Kila mmoja ameshika nusu ya habari.

Tuseme ni msichana wa miaka 9, darasa la tatu, katika shule ya Dar es Salaam inayofundisha kwa Kiingereza. Nyumbani wanaongea Kiswahili. Kwanza apimwe masikio na macho, na mama aulizwe: alianza lini kusikia Kiingereza, amekosa shule kwa muda gani, alichelewa kuongea? Kisha asomewe hadithi ya Kiswahili na kuulizwa maswali. Akijibu yote, lakini hadithi ya kiwango hichohicho akiisoma mwenyewe anatoka na vipande tu, lugha anayo, ila maandishi ndiyo yanayomzuia.

Baada ya hapo saa ishikwe. Orodha ya maneno ya Kiswahili, dakika moja: anasoma maneno 14, karibu yote sahihi. Wenzake wanaoongea Kiswahili nyumbani na walioanza naye shule wanasoma 35 hadi 50. Tukihesabu makosa peke yake, tungemwacha aende zake. Apewe pia maneno ya kubuni kama «ludepa» na «gamusheti», ambayo hawezi kuyasoma kwa kukariri. Mwisho ayarudie mengine kwa mdomo na kutaja picha za vitu vya nyumbani kwa haraka, kwa Kiswahili, lugha aliyo imara nayo.

Kipimo cha kuondoa sauti kinahitaji uangalifu. Mwambie atamke «paka» bila sauti ya kwanza. Jibu ni «aka», lakini watoto wengi husema «ka», kwa sababu wamefundishwa kwa silabi na wanaondoa «pa» nzima. Uwezo wa kuitenga sauti moja hukua pia kwa kusoma kwenyewe, kwa hiyo mtoto aliyefundishwa vibaya naye atashindwa. Jibu hilo peke yake halithibitishi disleksia. Vivyo hivyo anayeandika «kura» badala ya «kula» huenda anaandika anavyotamka, kama lugha ya kwao haitenganishi l na r.

Viwango vya alama vilivyotengenezwa Uingereza au Marekani havimfai msichana huyu hata kwa Kiingereza, maana vinamlinganisha na watoto waliozaliwa ndani ya lugha hiyo. Wenzake wenye historia ya lugha kama yake ndio kipimo cha haki. Njia nyingine, ambayo mimi naiamini sana, ni kumfundisha sauti na herufi kwa mpangilio, mara kadhaa kwa wiki, halafu kumpima tena baada ya miezi michache. Aliyekosa mafundisho tu kwa kawaida hupanda haraka. Mwenye disleksia hupanda pia, ila taratibu, na ile kasi ya Kiswahili inabaki nyuma.

Nadharia yenyewe ina mipaka. Wako watoto wanaochambua sauti vizuri na bado wanasoma polepole, udhaifu wao ukiwa kwenye kutaja vitu kwa haraka. Ndiyo maana picha na saa havipaswi kuachwa, hata pale kipimo cha sauti kinapotoka salama.